Si Kila Ukurasa Uingie Google

Mkulima wa Singida anayetaka kujua mistari ya alizeti iachane kwa umbali gani huandika maneno manne tu kwenye simu yake: nafasi ya kupanda alizeti. Google inamletea orodha, na karibu na juu ipo tovuti ya kilimo ya Kiswahili. Anabonyeza. Anakutana na orodha nyingine. Juu limeandikwa neno "alizeti", na chini yake kuna vipande vya mistari miwili miwili vya habari tano: ya kwanza inahusu bei ya mafuta ya kula, ya pili mkutano wa wakulima, ya tatu mnada wa mazao. Makala anayoihitaji ipo kwenye tovuti hiyohiyo, tena imeandikwa na mtu anayelijua shamba, lakini habari mpya zimeshaisukuma hadi ukurasa wa pili wa orodha. Mkulima anarudi nyuma na kufungua tovuti ya jirani.

Hakuna kilichoharibika hapo kwa macho ya mwenye tovuti. Seva inafanya kazi, makala ipo, na Google imeileta tovuti yake karibu na juu. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa sio. Google imechagua ukurasa wa lebo, ule unaojitengeneza wenyewe kila mwandishi anapobandika neno chini ya makala, na kuiacha makala yenyewe.

Kurasa za namna hii ni nyingi kuliko wenye tovuti wengi wanavyofikiri. Chukua mfano wa tovuti yenye makala 600. Kila mwandishi amezoea kubandika lebo tano au sita kwa makala, na hakuna anayekagua kama lebo hiyo ilishakuwepo. Kiswahili kinalikuza jambo hili kwa namna yake, kwa sababu neno moja hubadilika mwanzoni: yupo atakayeandika "mkulima", mwingine "wakulima", mwingine "kilimo". Kisha zinakuja "alizeti", "zao la alizeti", "kilimo cha alizeti" na "mbegu za alizeti". Kwa mtu hayo yote ni jambo moja. Kwa programu inayoendesha tovuti, hizo ni anwani saba tofauti, na kila moja ina ukurasa wake. Tovuti ya makala 600 hufika lebo 1,400 bila mtu yeyote kukusudia, na nyingi kati ya hizo zina makala moja tu ndani yake. Ukurasa wa lebo wenye makala moja hauna chochote ambacho makala yenyewe haina, isipokuwa mbofyo mmoja zaidi kwa msomaji.

Jamii ya pili ni kurasa za matokeo ya utafutaji wa ndani, yaani zile zinazotokea mtu anapoandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta cha tovuti yenyewe. Hizi hazina idadi. Kila neno linaloweza kuandikwa linaweza kuzaa ukurasa, na ukurasa huo una anwani kamili inayoweza kunakiliwa na kuwekwa popote. Tangu mwaka 2007 Google ilikwisha waambia wenye tovuti kwamba haitaki kurasa hizo katika matokeo yake, kwa hoja iliyo wazi: aliyetafuta Google alitaka jibu, na kumpeleka kwenye orodha nyingine ya utafutaji ni kumrudisha alikotoka.

Upo ubaya mwingine mkubwa zaidi, na huu unaumiza hata tovuti isiyojali wageni watokao Google. Programu nyingi hulichukua neno lililotafutwa na kuliweka moja kwa moja kwenye kichwa cha ukurasa wa matokeo. Tapeli akijua hilo, haitaji nywila ya mtu. Anatengeneza anwani ya utafutaji wa ndani wa tovuti ya watu, anaingiza humo jina la kampuni yake ya kamari au namba ya simu ya "mganga", kisha anazimwaga anwani hizo kwenye kurasa nyingine za mtandao. Roboti wa Google anazifuata. Ukurasa unafunguka, kichwa chake kinabeba tangazo la tapeli, na kama hakuna kilichozuia, tangazo hilo linaweza kuonekana katika matokeo ya Google likiwa chini ya jina la chuo, gazeti au halmashauri ambayo haijui lolote. Tovuti haijadukuliwa. Imeazimwa jina.

Dawa ya kurasa hizi zote ni mstari mmoja, unaowekwa katika sehemu ya kichwa ya msimbo wa ukurasa:

```html
<meta name="robots" content="noindex, follow">
```

Maana yake kwa roboti ni kwamba ukurasa huu usiwekwe katika faharasa, ila viungo vilivyomo unaweza kuvifuata. Msomaji haoni tofauti yoyote. Lebo inaendelea kubonyezeka, kisanduku cha kutafuta kinaendelea kufanya kazi, na aliyemo ndani ya tovuti anatembea kama kawaida. Kinachobadilika ni kimoja: Google haitautumia tena ukurasa huo kama mlango wa kuingilia. Neno `follow` si la lazima, kwa kuwa ndivyo roboti anavyofanya asipoambiwa vingine, lakini wengi huliandika ili anayesoma msimbo baadaye aelewe nia.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, na hufanywa hata na mafundi. Mtu anaona kurasa za lebo zimejaa Google, anakimbilia faili la `robots.txt`, anaandika `Disallow: /tag/` na kulala akijua amemaliza. Faili hilo halisemi "usiuweke kwenye faharasa". Linasema "usiingie". Roboti aliyezuiwa mlangoni hawezi kuusoma mstari wa `noindex` ulio ndani, na kama anwani hiyo ameiona kwenye viungo vya kurasa nyingine, Google inaweza kuiorodhesha hivyohivyo, bila maelezo yoyote chini yake. Katika Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti, hali hiyo hujitokeza kwa maneno "Indexed, though blocked by robots.txt". Anayeyaona maneno hayo amefunga mlango akaiacha barua ya maagizo ndani. Wapo pia waliozoea kuandika `noindex` ndani ya `robots.txt` yenyewe; Google iliacha kuutambua mtindo huo tarehe 1 Septemba 2019.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: acha njia wazi, weka `noindex`, subiri roboti apite na ajisomee. Kusubiri huko huchukua siku kwa kurasa zinazotembelewa mara kwa mara, na miezi kwa zile zilizosahaulika. Kama kuna ukurasa wa aibu unaotakiwa utoweke leo, kama huo wa tangazo la tapeli, Search Console ina sehemu ya Removals inayouficha kwa takriban miezi sita. Huko ni kuuficha kwa muda tu. `noindex` ndiyo inayoutoa kabisa, na lazima iwepo kabla ya miezi hiyo kwisha.

Waandishi wengi wa mtandaoni wa Tanzania na Kenya walianzia Blogger, na wengi bado wako huko, kwa hiyo hali ya Blogger inastahili kuelezwa peke yake. Humo, utafutaji wa ndani na lebo zote hukaa chini ya anwani moja inayoanza na `/search`, na faili la `robots.txt` linalokuja na Blogger lenyewe lina mstari huu:

```
Disallow: /search
```

Ndiyo kusema kwamba kila mwenye tovuti ya Blogger anaanza na ule uzio tuliousema, apende asipende, na ndiyo sababu wengi wao hukutana na onyo lile la "Indexed, though blocked by robots.txt" bila kugusa kitu. Kwa lebo chache zisizotafutwa na mtu, onyo hilo halina madhara ya kumkosesha mtu usingizi. Anayetaka kurasa hizo zitoke kweli huingia kwenye mipangilio, sehemu ya Crawlers and indexing, huwasha vitambulisho maalumu vya roboti, na kwa kurasa za "Archive and search page tags" huchagua `noindex`. Kisha inambidi aandike `robots.txt` yake mwenyewe isiyo na mstari wa `/search`, maana bila hivyo roboti hatafika kuliona agizo jipya. Hatua hizo mbili huenda pamoja. Moja bila nyenzake ni kazi bure.

Kwa WordPress kazi ni nyepesi zaidi. Tangu toleo la 5.7, lililotoka Machi 2021, WordPress yenyewe huweka `noindex` kwenye matokeo ya utafutaji wa ndani. Anayetumia toleo la miaka ya karibuni ameshalindwa kwa upande huo, mradi kiolezo chake hakijaondoa kinga hiyo. Lebo ni suala jingine. WordPress haizigusi, na ni sawa isiziguse, kwa kuwa si kila lebo ni mbaya.

Hili linahitaji kukaziwa, kwa sababu ushauri unaozunguka mitandaoni husema "zima lebo zote" kana kwamba ni takataka tupu. Turudi kwenye tovuti yetu ya makala 600. Kabla ya kuzima chochote, mwenye tovuti afungue Search Console, aende kwenye ripoti ya Performance, achague kipindi kirefu kuliko vyote, ambacho ni miezi 16, kisha achuje kurasa zenye `/tag/` katika anwani. Ataona lebo zipi zimewahi kuleta wasomaji. Katika mifano ya kawaida nyingi zitakuwa na sifuri, lakini kumi au kumi na tano zitakuwa na wageni wa kweli. Tuseme "alizeti" ni mojawapo, na ina makala 25.

Lebo hiyo isizimwe. Ipewe kazi. Mhariri aandike aya mbili au tatu juu yake zinazoeleza kilichomo, aziweke makala muhimu kuliko zote juu ya orodha badala ya kuziacha zipangwe kwa tarehe, na aupe ukurasa kichwa chake: "Kilimo cha alizeti: makala kuanzia mbegu hadi kukamua mafuta". Sasa ni ukurasa ambao mtu anaweza kuufikia na kufaidika. Lebo za "zao la alizeti" na "kilimo cha alizeti" ziunganishwe nayo, na anwani zao za zamani zielekezwe huko kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301. "Mbegu za alizeti" yenye makala mbili nayo iingie humo. Zinazobaki, zile lebo mia kadhaa zenye makala moja au mbili ambazo hakuna aliyezitafuta, ndizo za kuwekewa `noindex`.

Wanaotumia programu-jalizi kama Yoast SEO wanaweza kufanya hivyo kwa swichi, kwa lebo zote pamoja au kwa kila lebo peke yake. Asiyetumia programu-jalizi ya namna hiyo anaweza kuiachia WordPress iamue kwa idadi:

```php
add_filter( 'wp_robots', function ( $robots ) {
    $lebo = get_queried_object();
    if ( is_tag() && $lebo->count < 5 ) {
        return wp_robots_no_robots( $robots );
    }
    return $robots;
} );
```

Msimbo huu unasema: kama huu ni ukurasa wa lebo, na lebo hiyo ina makala pungufu ya tano, iweke nje ya faharasa. Tano si sheria ya Google; ni kipimo cha mhariri, na kila tovuti ijipimie. Uzuri wake ni kwamba lebo ikikua na kufikia makala ya tano, agizo linajiondoa lenyewe. Baada ya hapo ramani ya tovuti nayo isafishwe. WordPress huzitaja lebo zote katika `wp-sitemap.xml`, na hakuna maana ya kumpa roboti orodha ya kurasa za kutembelea kisha kila akifika aambiwe asizihesabu.

Jambo moja husahaulika. John Mueller wa Google alieleza mwishoni mwa 2017 kwamba ukurasa uliokaa muda mrefu na `noindex` huishia kutofuatwa viungo vyake pia, kwa kuwa Google inauacha kabisa. Maana yake ni nzito kwa tovuti za zamani. Kama makala ya 2015 ilikuwa inafikika kwa kupitia lebo peke yake, kuizima lebo kutaifanya makala hiyo yatima. Kwa hiyo kabla ya kuzima, makala nzuri za zamani ziunganishwe kutoka mahali pengine: kwenye ukurasa wa kategoria yake, au ndani ya makala nyingine inayogusa jambo lilelile. Kiungo kimoja kilichowekwa na mwandishi katikati ya sentensi inayohusika kinamfaa msomaji kuliko lebo sita zilizorundikwa chini.

Ni vyema pia kusema `noindex` haifanyi nini. Haimpunguzii roboti kazi mara moja, kwa sababu ili aione lazima kwanza aufungue ukurasa. Wenye tovuti ndogo huambiwa kwamba lebo "zinamaliza bajeti" ya roboti. Google yenyewe husema suala hilo huhusu hasa tovuti zenye kurasa zaidi ya milioni moja, au zenye kurasa zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku. Tovuti ya makala 600 haiko huko. Sababu ya kuzima lebo nyembamba kwenye tovuti ndogo ni yule mkulima wa Singida: makala iliyo na jibu isinyang'anywe nafasi na orodha isiyo na jibu.

Na hapo ndipo kichwa kinapoingia. Kuiondoa orodha njiani hakuifanyi makala ieleweke. Mara nyingi lebo ilishinda kwa sababu ilikuwa na kichwa kinachosema wazi "alizeti", wakati makala yenyewe iliitwa "MKULIMA USIPITWE NA HII!" Kichwa hicho kilitungwa kwa ajili ya WhatsApp, na huko pengine kilifanya kazi yake. Kwenye Google hakuna aliyetafuta "usipitwe na hii". Neno alizeti halimo, nafasi haimo, kupanda hakumo. Mhariri akiuzima ukurasa wa lebo na kuacha kichwa hicho kilivyo, anaweza kuwakosa hata wale wageni wachache waliokuwa wakija kwa mlango usio wao.

Kichwa cha ukurasa ni ule mstari wa `<title>` katika msimbo, na si lazima ufanane neno kwa neno na kichwa kikubwa kinachoonekana juu ya makala, ingawa ukitofautiana mno Google inaweza kuuacha na kujichagulia mwingine kutoka kwenye maandishi ya ukurasa. Agosti 2021 Google ilibadilisha namna inavyochagua vichwa vya kuonyesha, na mwezi uliofuata ikasema hutumia kile cha `<title>` kwa takriban asilimia 87 ya matokeo. Vinavyobadilishwa mara nyingi vina kasoro zinazojulikana: kichwa nusu tupu chenye jina la tovuti peke yake, kichwa kilekile kilichorudiwa kwenye mamia ya kurasa, au kichwa chenye mwaka uliopita juu ya makala iliyosahihishwa mwaka huu.

Kwa makala yetu, kichwa kinachofaa ni hiki: "Nafasi ya kupanda alizeti na aina za mbegu kwa Dodoma na Singida". Kinaanza na kile mkulima anachouliza, kwa maneno anayoyaandika yeye, kisha kinataja mikoa ili wa Mbeya ajue mapema kama kinamhusu. Jina la tovuti likae mwisho. Google haina idadi maalumu ya herufi, lakini hukikata kichwa kulingana na upana wa skrini, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Kitu muhimu kikiachwa mwishoni kitamezwa na vidoti vitatu. Herufi kubwa tupu nazo zinakula nafasi, na kwenye simu ndogo zinachosha macho.

Vichwa viwili visigombanie neno moja. Ukurasa wa lebo uliobakishwa unabeba upana, "kilimo cha alizeti", na makala inabeba swali mahususi, "nafasi ya kupanda". Zikipangwa hivyo, anayetaka kujifunza kilimo chote anaingia kwa mlango wa kwanza na mwenye jembe mkononi anaingia kwa wa pili.

Baada ya kazi kama hii, Search Console ikaguliwe kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Katika ripoti ya kurasa, idadi iliyo chini ya "Excluded by ‘noindex’ tag" itapanda polepole, na inatakiwa ipande kwa kiasi kinachokaribiana na lebo zilizozimwa. Ikizidi hapo, kuna makala zimekumbwa. Mara nyingi chanzo ni mstari uliowekwa kwenye kiolezo cha tovuti nzima badala ya kiolezo cha lebo, au kile kisanduku cha WordPress katika mipangilio ya Reading kinachoziomba injini za utafutaji ziiache tovuti yote, ambacho fundi alikitia alama wakati wa ujenzi na kusahau kukiondoa. Ukurasa ukiwa na maagizo mawili yanayopingana, Google hufuata lile kali zaidi, kwa hiyo kuongeza `index` hakuokoi kitu. Mstari mbaya lazima utafutwe na uondolewe.

Mwenye tovuti anaweza kuanza na jaribio moja leo, kabla ya kugusa lebo yoyote. Atafute neno lolote kwenye kisanduku cha tovuti yake, afungue msimbo wa ukurasa wa matokeo, na alisake neno `noindex`. Likikosekana, amwite fundi wake sasa, kwa sababu ukurasa huo uko wazi kwa yeyote anayetaka kuandika tangazo lake chini ya jina la mtu mwingine.